Salamu ya Haragwe la Njano

Kasulu, 12 Oktoba 2013

Mvua ya kwanza imenyesha leo, wifi yangu amefika, na wifi yangu hajanisalimia. Naandika haya kwa hasira, maana nikimwambia mume wangu Athuman atasema namwonea yatima.

Nilijiandaa. Nilipika wali, nikatandika kitanda cha chumba cha magunia, nikavaa khanga mpya. Adija akashuka kwenye Hiace ya Kibondo nyuma ya kaka yake, akanipita mlangoni kama ninavyoipita mimi nguzo ya umeme. Hakusema shikamoo wala hujambo. Aliangalia bati, akaenda kukaa juu ya gunia la maharage. Ana miaka kumi na tisa, si mtoto. Mama yake amezikwa mwezi uliopita na pole ninayo, lakini hata mfiwa huitikia.

Athuman anasema, "Adija ndivyo alivyo, Stumai. Tangu mdogo." Ndivyo alivyo! Mimi nikiwa ndivyo nilivyo, nyumba hii itakalika?

14 Oktoba

Hajanisalimia.

15 Oktoba

Hajanisalimia. Ila amechambua gunia zima la maharage mchanganyiko ambalo lilinishinda tangu Ramadhani. Njano huku, mekundu huku, meupe huku, yenye madoa peke yake. Hakuna jiwe hata moja.

19 Oktoba

Leo Bi Niyonsaba kaja dukani kwetu. Huyu ni jirani, mama wa Kiha wa zamani, na salamu yake si ya kukimbilia. Anapiga makofi taratibu, anainama, "Mwakeye", yaani umeamkaje, anakushika mkono kwa mikono yake yote miwili na hauachii mpaka ameuliza nyumba, mume, shamba, mbuzi, na jirani wa mbuzi. Mimi mtu wa Handeni nilichukua mwaka mzima kuizoea, na sasa nisiposalimiwa hivyo naona nimetukanwa.

Kamshika Adija mkono, kamwita mwanangu, kamwuliza habari. "Mwakeye mwana wanje! Amakuru?" Adija akauchomoa mkono kama umeungua, akaziba masikio, akatoka mlango wa nyuma kwenye mvua. Bi Niyonsaba akabaki na mikono hewani. Hakukasirika kwa sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema polepole tu, "Mama, kwetu mtu asiyepokea salamu ana jambo moyoni." Akaondoka bila kununua chumvi aliyoijia.

Kesho soko zima litajua tuna msichana mwenye jambo moyoni. Watu wamefukuzwa vijijini kwa kidogo kuliko hicho.

20 Oktoba

Nimemshika kidevu. Nilisema, "Niangalie nikisema na wewe!" nikauinua uso wake kwa nguvu. Alifumba macho, akajing'ata mkono mpaka damu ikatoka, na sauti iliyomtoka sitaki kuiandika.

Evaline alikuwa amesimama mlangoni. Huyu dada amepanga chumba cha nyuma, mtu wa Same, kila asubuhi gari la shirika linampitia kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anakofanya kazi na watoto wenye ulemavu. Alisema, "Dada Stumai, mwachie," na mimi nikamwachia kwa vile nilikuwa naogopa damu, si kwa vile nilielewa.

21 Oktoba

Nimeona kioja. Evaline amekuja dukani jioni, badala ya kunijia mimi akaenda upande aliko Adija. Hakusimama mbele yake. Alisimama ubavuni, mbali kidogo, mahali anapoonekana, akaangalia maharage badala ya kumwangalia yeye. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Adija. Ni Evaline. Nimerudi." Basi. Hakunyoosha mkono, hakuuliza habari za kutwa, akanyamaza.

Nikasubiri. Yeye kasubiri. Mteja kaja, nimempimia sukari, kaondoka. Nikawa naona aibu kwa niaba yake, mtu mzima na diploma yake kupuuzwa hivi. Mara Adija akaokota haragwe moja lenye madoa, akaliweka ukingoni mwa meza, upande wa Evaline. Hakumtazama.

"Asante, Adija," akasema Evaline, akalichukua. Akanigeukia. "Amenijibu."

Nikacheka. Nikamwambia kwetu hiyo haiitwi salamu, inaitwa punje. Akanivumilia. Akasema hali hii inaitwa usonji. Si jini wala kiburi, wala si malezi. Ubongo wake unapokea dunia kwa namna nyingine: sauti, mguso, macho ya mtu, vyote vinaingia kwa pamoja na kwa nguvu. Ukimlazimisha akutazame, nguvu yote inaishia kwenye kustahimili macho yako na maneno hayasikii tena. Akitazama pembeni ndipo anakusikiliza. Akasema nianze na jina lake ili ajue ni yeye anayesemeshwa, nitumie maneno machache na yaleyale kila siku, nisimguse kabla hajaukubali mguso mwenyewe, kisha nisubiri, maana jibu linatoka mbali. Na likija kwa namna yoyote, nilipokee.

"Na heshima yangu?" nikamuuliza.

"Nani ameichukua?" akasema.

Nikachukua ufagio, nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

23 Oktoba

Nimejaribu. Nimemjia kwa nyuma nikiwa na ndoo, "Adija!" Karuka, kamwaga maharage. Nimekosea upande.

24 Oktoba

Nimekosea tena. Nilianza vizuri, halafu aliponyamaza nikashindwa kungoja. Nikarudia salamu, nikaongeza "husikii?", nikaongeza "umekula?" Akaziba masikio. Evaline anasema kila ninaporudia, yeye anaanza kusikiliza upya toka mwanzo. Kumbe miaka yote hii nadhani ukarimu ni kuongeza maneno.

2 Novemba

Tumepanda maharage shambani Kitanga. Mgongo hauna hali.

6 Novemba

Haragwe la njano!

Nilisimama kando ya gunia, nikatazama barabara, nikasema, "Adija. Ni wifi. Kumekucha." Nikaufunga mdomo wangu, jambo ambalo Athuman hajaliona tangu anioe. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nikasikia tik, nikashusha macho, haragwe la njano mezani upande wangu. Nimeliweka kwenye sahani ya kikombe. Siwezi kueleza kwa nini nililia, punje moja haitoshi hata kumlisha kuku.

18 Novemba

Kila asubuhi njano. Athuman anapata jekundu. Evaline la madoa. Hakosei.

Leo nikamuuliza, huku wote wawili tukitazama magunia, mbona hapendi kutazama watu. Nilidhani hatajibu. Nimeshamaliza kuosha kopo ndipo akasema, "Macho yana kelele, wifi."

Ameniita wifi.

29 Novemba

Bi Niyonsaba amerudi. Nilimfuata mwenyewe wiki iliyopita nikamweleza, nikidhani atanifukuza. Alisikiliza, akauliza jambo moja tu: "Makofi nayo yanamuumiza?" Nikasema makubwa ndiyo. Leo kasimama barazani, kapiga makofi mawili mepesi kwa ncha za vidole, "Adija. Ni Niyonsaba. Mwakeye." Kisha akakaa kwenye benchi ubavu ubavu akaanza kufunga kilemba chake upya, hana haraka. Amepewa haragwe jeupe. Alitembea nalo soko zima akisema binti wa kwa Athuman amemsalimu. Wengine wamemcheka. Yeye hajali, mwanamke huyu ningemtaka awe mama mkwe wangu.

8 Desemba

Simu kutoka Kibondo. Mzee Hashimu, baba mkubwa wa Athuman, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Anasema pale msibani Adija alimpita mbele ya watu wote bila kumpa mkono, na watu wanauliza. Atakuja tukivuna. "Akinisalimu kama mtu, abaki kwenu. Akinifanyia kama alivyonifanyia msibani, namchukua, kuna fundi huku wa kumtoa hao majini alionao."

Mafundi hao nawajua. Wanafukiza, wanafunga, wanachapa. Wanasema wanamchapa jini.

Sitaki nimsingizie mzee. Anampenda. Ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, Athuman anasema. Ndiyo maana imemuuma.

9 Desemba

Evaline anasema tusimfundishe Adija, tumfundishe mzee. Ni rahisi zaidi kwa mzee kujua asimame wapi kuliko kwa Adija kubadilisha ubongo. Aje siku tuliyomwambia Adija, aje peke yake, bila mvua kama Mungu akijalia, kwa sababu bati likipigwa na mvua Adija tayari amejaa kelele.

10 Desemba

Nimempigia. Shikamoo baba, marahaba. Nikaeleza kwa adabu yote niliyonayo na nyingine ya kuazima. Usonji. Ubavuni. Jina kwanza. Asimshike. Asubiri. Akiwekewa haragwe, hiyo ndiyo shikamoo yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Yaani mimi, na mvi hizi, nifundishwe kusalimiwa na mwanamke wa kuja? Asiyejaliwa hata mtoto wa kumfundisha shikamoo?"

Alikata simu. Miaka sita ya ndoa, na hiyo ndiyo nafasi yangu katika ukoo huu.

12 Desemba

Athuman hakunitetea. Alisema tu ningemwachia yeye azungumze. Amepata akili yake nyingine: kila jioni anamsimamisha Adija mbele yake, "Sema shikamoo baba mkubwa." Adija anasema, "Sema shikamoo baba mkubwa." Athuman anapandisha sauti. Nimemwambia anarudisha alichopewa, hatanii. Hataki kusikia.

20 Desemba

Mazoezi. Sasa anasema vizuri. Anasema akiwa ameukabili ukuta, anasema akiwa peke yake chooni, anayaambia magunia. Athuman anafurahi. Akimaliza, anampa kipande cha sukari guru. Akitazama pembeni, hampi.

Asubuhi haragwe langu halikuwepo.

27 Desemba

Halipo. Amejing'ata tena. Nimegombana na Athuman mpaka majirani wamezima redio wasikie. Anasema, "Unataka achukuliwe? Wiki chache za shida, halafu anabaki na sisi maisha." Akalia. Anamwogopa baba mkubwa kama mtoto, na anampenda dada yake, na haya mawili yamekaa ndani yake kama paka na mbwa kwenye gunia moja. Sikuweza kumchukia kama nilivyokusudia.

13 Januari 2014

Mvua. Maharage yanakauka vibaya.

25 Januari

Tumeanza kung'oa. Athuman kasimamisha mazoezi kwa sababu ya kazi. Adija shambani anapura bila kuchoka. Leo, juu ya jamvi, upande wangu: njano. Nikalifunga kwenye pindo la khanga.

2 Februari

Nimechoka, lakini nisipoandika leo nitaanza kujidanganya kesho ilikuwaje.

Mzee alisema Jumatano. Amekuja leo, Jumapili, asubuhi, na wazee wenzake wawili wa Kibondo. Nadhani alifanya makusudi ili asipangiwe na mwanamke. Mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele hata mimi nilikuwa nasoma midomo. Adija alikuwa sakafuni na maharage mapya. Hakuambiwa. Hakuna aliyepata muda wa kumwambia.

Wakavua viatu, wakaketi kwenye mkeka. Mzee kaleta doti ya khanga, ameishika mapajani kwa mikono miwili, ya Adija. Niliiona nikapata matumaini. Nikampelekea chai, nikainama, nikasema taratibu, "Baba, nakuomba, kwa ubavuni." Akapokea kikombe bila kunitazama.

Athuman akaita, "Adija! Baba mkubwa!"

Nataka hili liandikwe: alikuja. Na mvua ile, na watu watatu asiowazoea, na harufu ya makoti mabichi, alikuja mwenyewe. Alisimama kando ya mzee, ubavuni, kama tunavyosimama sisi kwake. Akatazama ukuta. Akasema, waziwazi, "Shikamoo baba mkubwa." Kisha akachuchumaa, akaweka kitu kwenye mkeka mbele ya goti la mzee. Haragwe. Sikuwahi kumwona akimpa mtu mwingine la aina ile, jeusi, dogo, hutokea moja katika gunia zima. Lazima alilitafuta. Lazima alikuwa amelitunza.

Alimsalimu mara mbili. Alimpa salamu yetu na salamu yake.

Mzee akasema, "Mimi ni ukuta? Nitazame." Akakunja kanzu yake kuketi vizuri, akaona punje kwenye mkeka, akaipangusa kwa kiganja kama uchafu. Sidhani hata alijua amepangusa nini. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, nilimwambia.

Kisha akamshika mkono. Kwa mikono miwili, kama heshima inavyotaka, wala hakumshika vibaya, nitakuwa mwongo nikisema alimshika vibaya. Alimshika kwa upendo na hakumwachia. "Mwanangu. Hujambo? Mama yako alikuwa shemeji yangu, ila kwa moyo dada. Nitazame. Habari za hapa? Wanakulisha? Nitazame basi mwanangu." Adija akavuta. Yeye akakaza, maana kwao kuvuta ni ukaidi wa kitoto, unakaza mpaka mtoto anatulia. Mzee mwenzake akamshika kidevu kusaidia.

Nikapiga kelele, "Mwachieni!" Athuman akanishika mimi bega.

Adija akalia kwa ile sauti. Akapiga mkono ulio huru huku na huku, ukampata mzee usoni, kofia ikaanguka kwenye chai. Basi. Wazee wakasimama. Mmoja akasoma aya kwa sauti. Adija kajikunja chini ya meza, anapiga kichwa kwenye mguu wa meza, na mimi nikaingia chini nikaweka khanga kati ya kichwa na mti. Sikumgusa. Ndicho kitu pekee nilichofanya sawasawa leo.

Mzee Hashimu alikuwa analia. Machozi ya kweli. Alisema, "Athuman, mmeniachia mtoto wa mdogo wangu aliwe na majini." Na Athuman, mume wangu, aliyechukua mwezi mzima kumfundisha shikamoo, alisema, "Ndiyo, baba."

Walimfunga kwa ile doti ya khanga ili apande gari.

3 Februari

Nimetafuta haragwe jeusi sakafu nzima. Sijaliona.

5 Februari

Nimekwenda ofisini kwa afisa ustawi wa jamii. Kijana wa kutoka mbali, mpole, amechoka. Amesema haya ni mambo ya ukoo, wazungumze wakubwa. Evaline ameandika barua kwa jina lake mwenyewe, nayo imepokelewa vizuri sana na kuwekwa juu ya nyingine.

11 Februari

Bi Niyonsaba alikuja, akapiga makofi kwa ncha za vidole mlangoni, kwa mazoea. Kisha akakumbuka.

16 Februari

Athuman kapigiwa simu. Fundi amemaliza. Mzee anasema tukamwone, amepona. Athuman amechinja kuku. Sikula.

22 Februari, Kibondo

Nimekuja peke yangu. Athuman kasema gunia la mwisho halijauzwa. Namjua, anaogopa kuona. Njia ni tope tupu, tumesukuma gari mara mbili. Nimebeba kifuko cha maharage mchanganyiko, ya mavuno yetu.

Mzee Hashimu amenipokea kwa furaha, hata lile neno la simu amelisahau. "Karibu mwanangu, karibu. Utaona mwenyewe." Ameniketisha sebuleni, ameita.

Adija kaingia amevaa doti ile mpya. Amekonda mno. Vifundo vya mikono vina alama zinazopona, na mkono wa kulia una alama za meno, hizo mpya. Nilisimama haraka nikasogea ubavuni, nikatazama dirisha, nikasema kama kila asubuhi, "Adija. Ni wifi. Nimefika." Nikafunga mdomo nikasubiri.

Hakunisubirisha. Alijigeuza mwili mzima akanikabili. Aliniangalia machoni, moja kwa moja, bila kupepesa, macho yamejaa maji kwa kukazwa, na akanyoosha mikono miwili. "Shikamoo baba mkubwa," akasema.

"Siyo mimi, mwambie wifi," mzee akacheka kwa furaha. "Siyo mimi!"

"Shikamoo baba mkubwa," akaniambia tena. Mikono haikushuka.

"Umeona?" Mzee alikuwa anapangusa macho yake. "Anatazama kama mtu. Siku ya kwanza aliyonitazama hivi nilichinja mbuzi. Sasa nani alikuwa anajua, wewe na huyo dada yako wa shirika, au sisi?"

Nimemwomba nirudi naye Kasulu. Amesema, kwa upole kabisa, kwamba mtu hamchukui mgonjwa aliyepona akamrudisha alikougulia.

Nilifungua kifuko. Nikachagua haragwe la njano, nikachuchumaa, nikaliweka sakafuni mbele ya miguu yake, upande wake. Nikasubiri. Mzee aliuliza nafanya nini, nami sikumjibu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani nimemnyima mtu mzima jibu.

Adija hakutazama chini. Alikuwa bado ananitazama mimi machoni, kama alivyofundishwa.